Stesheni ya mgonjwa anayesema amechoka na maisha: jinsi ya kuiandaa na kuitolea alama

Mwongozo huu ni wa wakufunzi wa vyuo vya afya huku kwetu kusini, Mtwara, Masasi na Lindi, wanaoandaa mtihani wa vitendo wa kuzunguka stesheni, ule tunaouita oski, kwa wanafunzi wa utabibu na uuguzi. Stesheni ya kufunga kidonda au ya kupima mimba haisumbui kuiandika. Ya mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua ndiyo inayoharibika, kwa sababu wengi wetu huiandika kama stesheni ya kuchukua historia: maswali ishirini, alama ishirini, na mwanafunzi anayakariri bwenini usiku wa kuamkia mtihani. Kesho yake unampitisha mtu aliyeuliza kila kitu kisha akamruhusu mgonjwa aende nyumbani na vidonge vya mwezi mzima mkononi.

Stesheni ninayoieleza hapa ina mgonjwa mmoja na imepangwa ili alama nyingi ziende kwenye mambo mawili. La kwanza, mtahiniwa akisikia kauli ya kukata tamaa asiiache ipite. La pili, uamuzi anaoufikia ulingane na aliyoyasikia. Mengine yote yana alama pia, lakini kidogo.

Hatua ya 1: Andika karatasi ya mlangoni

Muda wote ni dakika 10. Moja ya kusoma mlangoni, saba za kuzungumza na mgonjwa, mbili za kumweleza mtahini. Karatasi ya mlangoni isomeke hivi:

*Wewe ni mtoa huduma wa zamu katika kituo cha afya wilayani Tandahimba. Ni Ijumaa ya mwezi Novemba, saa kumi jioni. Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 46, mkulima, anayelalamika kichwa kuuma na kukosa usingizi kwa wiki tatu. Kipimo cha malaria ni hasi, shinikizo la damu ni la kawaida, na uchunguzi wa mwili haukuonyesha tatizo. Mkewe amekaa kwenye benchi nje. Zungumza na mgonjwa. Kengele ya pili ikilia, mweleze mtahini umebaini nini na utafanya nini leo.*

Neno kujiua halimo, na lisiwemo. Ukiandika "mgonjwa ana mawazo ya kujiua, mfanyie tathmini", umemfanyia mwanafunzi nusu ya kazi. Kwenye chumba cha wagonjwa wa nje hakuna anayekuja na karatasi ya namna hiyo. Anakuja na kichwa.

Majibu ya vipimo tumeyaweka makusudi, mtahiniwa asipoteze dakika tatu akiuliza habari za homa. Saa kumi jioni ya Ijumaa nayo ina kazi yake: mtu wa afya ya akili wa wilaya hayupo kituoni, Jumatatu iko mbali, na kishawishi cha kusema "rudi wiki ijayo" ni kikubwa. Na neno *leo* mwishoni lipigiwe mstari.

Ndani ya chumba weka viti viwili na meza ndogo, mlango uachwe wazi nusu. Usimwambie mtahiniwa habari za mlango. Akiufunga mwenyewe, au akiuliza kama aufunge, ana alama yake.

Hatua ya 2: Mfundishe mwigizaji, naye asiongeze chumvi

Mwigizaji awe mtu mzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepakwa unga nywele hafai, maana mtahiniwa ataona mchezo na atacheza. Jina la kuigizia liwe moja kwa watahiniwa wote, tuseme Hamisi. Habari zake ni hizi.

Hamisi ana mikorosho aliyorithi. Mwezi Julai alihitaji fedha ya pembejeo na ada, akauza korosho zikiwa bado maua, kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Sasa mnada umeanza, wenzake wanapeleka mzigo chama cha msingi, yeye hana cha kupeleka na bado anadaiwa. Kangomba imekatazwa, kwa hiyo hata kulalamika anaogopa. Mkewe hajui kiasi cha deni. Usingizi unamkatika saa tisa usiku, hausikii utamu wa chakula, shambani haendi. Amezidisha uraka, karibu kila jioni. Hasikii sauti za watu wasioonekana, hana ugonjwa wa kudumu.

Kuhusu kujiua: amekuwa akiwaza kwa wiki mbili, na jana usiku zaidi kuliko siku zote. Anafikiria dawa ya mikorosho iliyobaki msimu wa kupulizia, ipo stoo nyuma ya nyumba. Kesho mkewe anakwenda Newala kwa dada yake, atabaki peke yake. Wiki hii amempa mpwa wake baiskeli na kumwita kijana wake mkubwa kumwonyesha mipaka ya shamba. Miaka mitatu iliyopita alijaribu, mtoto akaingia, akaacha, na hajamwambia mtu. Kinachomzuia ni binti yake wa mwisho, na nyumbani mtu anayemsikiliza kuliko wote ni mjomba wake anayeishi kijiji hicho hicho.

Hilo la mjomba halikuwekwa kwa kujaza nafasi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wote kwa asili wanafuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti ambayo mtahiniwa aliyetoka mkoa mwingine anaweza asiijue. Mwanafunzi anayeuliza "nyumbani unamsikiliza nani?" atampata. Anayedhani jibu lazima liwe mke, hatampata.

Mpe mwigizaji kanuni nne za kutoa habari, na azifuate kwa kila mtahiniwa bila kupendelea. Dakika ya kwanza anazungumzia kichwa na usingizi tu. Akiulizwa swali lolote la wazi, kama "na nyumbani mambo yakoje?" au "kuna lingine linakusumbua?", anashusha pumzi na kusema: "Nimechoka, daktari. Naona bora nipumzike tu." Kisha ananyamaza. Hapo mpira uko kwa mtahiniwa. Ya mpango, dawa, safari ya mke na jaribio la zamani anayatoa kwa kuulizwa tu, kila moja kwa swali lake. Na akiulizwa kwa namna ya kukanushia, mfano "lakini huna mawazo ya kujiua, sivyo?", anajibu "Hapana" na kutazama chini.

Hiyo kanuni ya mwisho waigizaji huisahau, kwa sababu wanamhurumia mwanafunzi. Isimamie. Ndivyo wagonjwa wanavyojibu: ukimwonyesha kwamba unataka kusikia hapana, atakupa hapana.

Kulia si lazima. Mwigizaji anayelia kwa sauti huwapa alama wanafunzi ambao wangempita mgonjwa mtulivu. Hamisi anaongea polepole, macho chini, vidole vinachezea kofia.

Hatua ya 3: Karatasi ya alama

| Sehemu | Anachofanya mtahiniwa | Alama |
|---|---|---|
| A. Kufungua | Salamu ya heshima, kujitambulisha, kuhakikisha jina | 1 |
| | Faragha: anafunga mlango | 1 |
| | Anaeleza usiri na mpaka wake | 2 |
| B. Kudaka kauli | Anairudia au anaiulizia papo hapo kauli ya "nipumzike" | 2 |
| | Sauti tulivu, anavumilia ukimya, hahubiri wala hakemei | 1 |
| C. Kuuliza | Anauliza waziwazi kuhusu kujiua | 2 |
| | Mara ngapi, lini mara ya mwisho, leo je | 1 |
| | Mpango: amewaza kwa njia gani | 2 |
| | Kama hicho anachokifikiria kipo karibu naye | 2 |
| | Muda: ni lini | 1 |
| | Maandalizi: kuaga, kugawa vitu, kuweka mambo sawa | 1 |
| | Kama aliwahi kujaribu | 2 |
| D. Kinachosukuma na kinachozuia | Dalili za sonona | 1 |
| | Pombe | 1 |
| | Sauti au imani zisizo za kawaida, ugonjwa wa kudumu | 1 |
| | Sababu ya kuishi na mtu anayemwamini | 1 |
| E. Uamuzi | Anasema hatari ni ya karibuni, na anataja sababu | 2 |
| | Mgonjwa haachwi peke yake, anabaki kituoni leo | 2 |
| | Dawa inaondolewa nyumbani, na anasema nani ataiondoa | 2 |
| | Anawasiliana na mtaalamu wa afya ya akili leo | 1 |
| | Tarehe ya kumwona tena na nani atafuatilia | 1 |
| Jumla | | 30 |

Penye alama 2, mtahini anaweza kutoa 1. Andika chini ya kila kipengele ni nini kinapata 1, vinginevyo wewe na mwenzako wa chumba cha pili mtatoa alama tofauti kwa jibu lile lile. Mfano mzuri ni usiri. "Tutakayozungumza ni siri" tupu ni 1. Inakuwa 2 akisema kitu kama hiki: "Tutakayozungumza yanabaki hapa, baba, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini. Hapo nitamshirikisha mtu wa kunisaidia kukulinda, na nitakwambia kabla." Asiposema mpaka huo mwanzoni, dakika ya sita atakwama: ama atavunja ahadi, ama atanyamaza na siri inayoweza kuua.

Utaona hakuna alama ya kumfanya mgonjwa aahidi kwamba hatajiua. Ahadi hiyo haimlindi mtu, inamtuliza mhudumu tu. Hakuna pia alama ya kujumlisha pointi za hatari kwenye fomu. Vipimo vya namna hiyo vimechunguzwa na vimeonekana kubashiri vibaya nani atajidhuru na nani hatajidhuru. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu wa akili unauliza jambo jepesi zaidi: je, ana mawazo au mpango wa kujiua sasa hivi? Kama ndiyo, hatari ni ya karibuni, na kuna mambo ya kufanya leo.

Hatua ya 4: Sikiliza ngazi ya maswali

Mtahini azoee sikio lake kabla ya mtihani. Kaeni wakufunzi wawili na mwigizaji, mfanye zoezi mara moja au mbili, kila mmoja ajaze karatasi yake, kisha mlinganishe. Mazungumzo yanayostahili alama za B na C huenda kama hivi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Baada ya kujitambulisha, kufunga mlango na kueleza usiri, maneno machache ya kichwa na usingizi. Kisha:

"Na ukiamka hiyo saa tisa usiku, unakuwa unawaza nini?"

"Nimechoka, daktari. Naona bora nipumzike tu."

Mwanafunzi ananyamaza kidogo. "Unasema bora upumzike. Unamaanisha usiwepo tena?"

"Ndiyo maana yake."

"Pole sana, baba. Watu wakichoka namna hiyo, wengine hufikia kuwaza kujiua. Wewe umefikia hapo?"

"Nimewaza."

"Asante kwa kuniambia. Umewaza ungefanyaje?"

Hizo ni dakika mbili na nusu hivi, na tayari ana alama zote za B na nne za C. Angalia jinsi anavyoshuka ngazi: kuchoka, kutotaka kuwepo, kujiua, njia. Kila swali linakanyaga jibu lililotangulia. Anayeruka kutoka "kichwa kinaumaje" hadi "je, una mpango wa kujiua" atapata alama ya swali, lakini mgonjwa atashtuka na kujifunga, nawe utaliona hilo kwenye B.

Baadhi ya wanafunzi hukwepa neno lenyewe kwa kuogopa kwamba watamtia mgonjwa wazo. Hofu hiyo haina msingi. Tafiti zimeliangalia jambo hili na hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua. Kwa hiyo kuuliza "je, unafikiria kufanya jambo baya?" ni 1, maana kwa mkulima anayedaiwa jambo baya laweza kuwa kuchoma stoo ya mdai. "Kujiua", "kujitoa uhai" au "kuyakatisha maisha yako" ni 2.

Kuna majibu matatu ya mwanafunzi yanayoondoa ile alama moja ya sauti tulivu hata kama mengine yote ameyafanya. Moja ni "usiseme hivyo, baba, ni dhambi". Hamisi anajua dini yake, na ukimkumbusha dhambi kabla hujamaliza kumsikiliza atanyamaza. Akiulizwa kwa upole kama imani inamsaidia kuvumilia, hilo ni jambo jingine na linahesabiwa kwenye D. La pili ni "mbona wengine wana madeni makubwa zaidi". La tatu ni kukimbilia kutoa suluhisho la deni, ambako mwanafunzi hutumia dakika mbili nzima akieleza stakabadhi ghalani.

Hatua ya 5: Dakika mbili za uamuzi

Kengele ya pili imelia. Mtahini anauliza swali moja tu, lililoandikwa, bila kuongeza lake: "Umebaini nini, na utafanya nini leo?" Usimdokeze. Usiseme "na dawa ile je?"

Jibu kamili ni fupi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Hatari ni ya karibuni kwa sababu ana mpango, anachokifikiria kipo nyumbani, kesho atabaki peke yake, ameanza kugawa vitu na aliwahi kujaribu. Kwa hiyo haondoki. Analazwa kituoni kwa uangalizi, kwenye kitanda kilicho karibu na meza ya muuguzi, vitu vya kujidhuru vinaondolewa, na kuna mtu anayekaa naye muda wote, muuguzi au ndugu aliyeelezwa la kufanya. Anapigiwa simu mratibu wa afya ya akili wa wilaya usiku huo huo, na kama hakuna anayeweza kukaa naye kituoni, anapelekwa hospitali ya wilaya, au Ligula mjini Mtwara, akiwa na msindikizaji, asipande gari peke yake na barua mkononi.

Kuhusu dawa iliyo stoo, "nitamshauri aiondoe" haina alama. Mgonjwa si mtu wa kumtuma akaondoe. "Nitamwomba mke, au mjomba, akaichukue leo aitoe kabisa nyumbani" ni 2. "Wafungie stoo" ni 1, maana ufunguo unajulikana ulipo.

Hapa pana jambo linalotenganisha mwanafunzi mzuri na wa kawaida. Ili mke asaidie, lazima aambiwe. Mwanafunzi mzuri anarudi kwa Hamisi kwanza: "Nitahitaji kuzungumza na mama hapo nje ili tukulinde usiku huu. Ningependa tumwambie pamoja. Kuna jambo hutaki nimwambie?" Hamisi atasema hataki mkewe ajue habari ya kangomba na kiasi cha deni. Na hayo si lazima ayajue leo. Kinachohitajika kuvuka mlango ni kwamba mumewe yuko hatarini, asiachwe peke yake, safari ya Newala isubiri, na dawa itoke. Hata Hamisi akikataa kabisa, mhudumu anaruhusika kusema hayo manne kwa ajili ya uhai wake, lakini akisema manne tu. Mtahiniwa akilitaja hilo, liandike kwenye nafasi ya maoni na uliweke akilini unapotoa daraja la jumla.

Wapo wanaojibu kwamba watatoa taarifa polisi. Kweli Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na wanafunzi hukumbuka pia fomu ya polisi namba 3 kutoka stesheni ya majeruhi. Lakini Hamisi leo ana mawazo, hana jeraha na hajafanya kitu. Polisi hawana sehemu kwenye mpango wa usiku huu, na mgonjwa anayetajiwa polisi hatarudi kliniki.

Kuhusu vidonge, sikuweka alama ya dawa ya sonona, kwa kuwa haiwezi kumsaidia usiku wa leo. Mtahiniwa akiitaja, sikiliza kiasi. Amitriptilini ndiyo iliyozoeleka kwenye makabati yetu, na ni hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja. Kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua haifai kuwa ya kwanza kufikiriwa, na dawa yoyote ya sonona atakayoandikiwa itolewe kidogo kidogo, ya wiki moja, nayo ikae kwa ndugu.

Hatua ya 6: Makosa ya kuangusha

Jumla ya alama peke yake haitoshi. Chukua watahiniwa wawili wa mfano.

Wa kwanza anapata A 3, kwa kusahau mpaka wa usiri. Kauli ya "nipumzike" anaipita, anaendelea na orodha yake, ila sauti ni nzuri: B 1. Baadaye orodha inamfikisha kwenye kujiua na anauliza yote isipokuwa kama dawa ipo karibu: C 9. D anamaliza, 4. Kwa mtahini anasema hatari ni ya karibuni na anataja sababu, kisha anampa amitriptilini ya siku 30 na kumpangia arudi Jumatatu: E 3. Jumla 20.

Wa pili hafungi mlango: A 3. Anaidaka kauli mara moja na ananyamaza vizuri: B 3. Anauliza waziwazi, anapata mpango, dawa na kesho, lakini hakuuliza mara ngapi, maandalizi wala jaribio la zamani: C 7. Anauliza habari ya usingizi na hamu ya chakula tu: D 1. Kwa mtahini anasema hatari ni ya karibuni bila kuzipanga sababu, mgonjwa abaki, mjomba aitwe akaondoe dawa, mratibu apigiwe. Tarehe ya kufuatilia hakuitaja: E 6. Jumla 20.

Alama sawa, na mgonjwa wa mmoja amerudi usiku huo kwenye nyumba yenye stoo, akiwa na vidonge vya mwezi. Ndiyo sababu chini ya karatasi kunakuwa na kisanduku cha makosa ya kuangusha, ambacho kikiwekewa alama ya vema mtahiniwa hafaulu stesheni hata awe na 28. Yangu ni manne: kutouliza kabisa kuhusu kujiua, kumruhusu mgonjwa huyu aondoke bila mtu wa kukaa naye, kumkabidhi dawa za muda mrefu, kumtisha au kumdhihaki. Usizidishe. Makosa kumi ya kuangusha humtia mwanafunzi woga, na mwanafunzi mwoga hurudi kwenye orodha aliyoikariri. Mtahini akiweka vema kwenye kisanduku, lazima aandike maneno halisi ya mtahiniwa, maana rufaa zitakuja.

Hatua ya 7: Alama ya kufaulu

Mbali na vipengele, mtahini anatoa daraja la jumla bila kuangalia hesabu: amefeli, yuko mpakani, amefaulu, vizuri sana. Chukua wote waliowekwa mpakani utafute wastani wa alama zao. Kama ni watano wenye 14, 15, 16, 17 na 18, wastani ni 16, na hiyo ndiyo alama ya kufaulu stesheni. Ikiwa mpakani wamepatikana wawili tu, wastani huo hauna maana. Afadhali wakufunzi mkae kabla ya mtihani, mpitie kipengele kwa kipengele na kukubaliana mwanafunzi wa mpakani angepata ngapi.

Hatua ya 8: Watu walio ndani ya chumba

Kabla ya kumchukua mwigizaji, muulize faraghani kama jambo hili limewahi kugusa familia yake, na umwambie anaweza kukataa bila kutoa sababu. Awe na mwenzake wa kupokezana. Watahiniwa sita mfululizo wanamtosha, kisha apumzike nje ya chumba, anywe chai. Mwisho wa zamu avue uhusika kwa sauti: ataje jina lake halisi, aseme anakwenda wapi jioni hiyo, na muongee kidogo habari zisizohusu Hamisi.

Wanafunzi nao watangaziwe mapema, kwa jumla, kwamba mtihani unaweza kugusa afya ya akili na kujidhuru, na anayeona litamwia vigumu amwone mlezi wa wanafunzi kabla ya siku hiyo. Mtahiniwa akianza kulia au kuganda, mtahini asimamishe saa. Alama zisubiri. Atolewe na mkufunzi mwingine ambaye hayupo kwenye kutahini, naye amuulize waziwazi swali lile lile tunalolifundisha, kisha apangiwe stesheni mbadala siku nyingine.

Hatua ya 9: Mwaka unaofuata, geuza jibu

Stesheni ikishatumika, inajulikana hadi Lindi kabla ya wiki kuisha. Kubadilisha jina na zao la shamba hakusaidii, kwa kuwa wanafunzi watakuwa wamekariri jibu: mlaze. Geuza hatari yenyewe. Mwaka wa pili mgonjwa awe mama wa miaka 30 aliyeachwa na mume, anayesema wakati mwingine anatamani asiamke asubuhi. Akiulizwa vizuri, hana mpango, hajawahi kujaribu, hajaandaa kitu, anaishi na mama yake mzazi na anataka kusaidiwa. Huyo kumlaza usiku huo kwa nguvu ni kosa pia. Mpango wake ni mama yake kuelezwa kwa ridhaa yake, wajue pamoja dalili za hali kuzidi na nani wa kumpigia, vitu vya hatari vya nyumbani viondolewe, na aonwe tena ndani ya siku chache kwa tarehe iliyoandikwa. Sehemu A hadi D za karatasi zinabaki kama zilivyo. Sehemu ya E unaiandika upya, na kwenye makosa ya kuangusha unatoa lile la kumruhusu aondoke, unaweka la kumwacha aende bila tarehe ya kurudi.